Nimwombeje mwenye nyumba asinipigie simu za kodi usiku bila kumvunjia heshima?

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika chumba na sebule hapa Langoni. Kodi ni shilingi 9,500, na tulikubaliana iwe imelipwa kufikia tarehe 5 ya kila mwezi. Riziki yangu ni mahamri na mbaazi. Unga naukanda baada ya sala ya isha, nauacha uumuke, nalala saa tatu usiku, kisha naamka saa tisa na nusu kuanza kukaanga, kwa kuwa wateja wangu wa kwanza ni mabaharia na wapagazi wa gatini ambao hawasubiri kupambazuke.

Mwenye nyumba wangu ni mtu mzima mwenye heshima zake, na mimi humwita Ami kama wanavyomwita majirani wote. Tatizo ni kwamba kuanzia tarehe 28 hivi hunitumia ujumbe wa kodi usiku, na ikifika tarehe 5 hupiga simu. Mwezi uliopita, saa tano na dakika arobaini usiku, uliingia ujumbe wenye neno moja tu, "Kodi?", kisha simu ikalia mara mbili mfululizo. Mama yangu ni mgonjwa, yuko Faza, na simu siizimi kwa sababu yake. Nilipoisikia ikilia saa ile nilishajua moyoni kwamba ni habari ya msiba, nikawa natetemeka hata kabla sijaitazama. Sikupata usingizi tena, na asubuhi ile mahamri ya kwanza niliyaunguza.

Nimeandika ujumbe ambao bado sijautuma. Naomba mnisomee kabla sijaharibu:

"Assalamu alaykum Ami. Samahani sana kwa kukusumbua, najua wewe una shughuli nyingi na mimi ni mpangaji tu, lakini tafadhali usinipigie tena simu usiku kwa sababu unaniharibia usingizi, na kodi yako sijawahi kuichelewesha hata siku moja, sasa sielewi unaniogopea nini."

Mke wa Nahodha

Wewe dada una bahati. Wangu mimi hapokei simu, iwe usiku iwe mchana. Tangi la juu lilipasuka, maji yakashuka ukutani siku mbili, nikapiga mpaka salio likaisha, na alipotokea siku ya tatu aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Mwenye nyumba anayepiga simu mwenyewe ningempikia pilau.

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Pole sana, dada yangu. Hilo la tangi linastahili uzi wake. Wangu hupokea simu vizuri na nyumba huitengeneza kikiharibika kitu, ndiyo maana sitaki kumuudhi. Shida yangu ni saa anazonitafuta, basi.

Wakili wa Barazani

Usijisumbue na maombi. Sheria inakataza mtu kumpigia mwingine simu ya kumdai baada ya saa tatu usiku. Mpeleke kwenye baraza la kodi, watamtoza faini, na ukimtajia hilo neno tu utaona simu zimekoma. Nyumba ukishalipia ni yako, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukuvurugia utulivu wako ndani yake.

Msimamizi wa Vyumba (Malindi)

Ndugu yangu Wakili, la mwisho ulilosema lina asili katika sheria, lakini lile la mwanzo silijui lilikotoka. Nimekusanya kodi kwa niaba ya wenye nyumba hapa Malindi kwa miaka kumi na minne, Barani, Maweni na Kisumu Ndogo, na sijaona sheria ya Kenya inayomwekea mwenye nyumba saa ya kupiga simu. Pengine umezichanganya na kanuni za Benki Kuu za 2022, ambazo zinawabana wakopeshaji wa mtandaoni wanaotukana na kutisha wadaiwa. Mwenye nyumba si mmoja wao. Nalo baraza la kodi, kwa Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, linahusika na nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na dada huyu analipa 9,500.

Ulipogusa penyewe ni kwenye utulivu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inahesabu kwamba kila mwenye kukodisha amemwahidi mpangaji akae kwa amani bila kuingiliwa pasipo sababu, maadamu analipa na kutimiza masharti. Lakini ujumbe wa neno moja na simu mbili kwa mwezi ni vigumu kuvifikisha huko. Tena ukimtajia sheria mtu ambaye hujawahi kumwomba, atakujibu kwa sheria, na ya kwanza atakayoikumbuka ni ile ya notisi ya kuhama.

Sasa nije kwa dada. Kabla sijagusa ujumbe wako nina swali moja, na naomba ulijibu kwa uhakika: unapolipa, kwenye simu ya mwenye nyumba hutokea jina la nani?

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Hutokea jina la ndugu yangu mdogo. Wateja wengi hunilipa kupitia namba yake kwa sababu laini yangu ilikuwa na matatizo mwaka juzi, pesa zikazoea kuingia kule. Ikifika tarehe 5 namwambia yeye atume. Lakini Ami anajua mimi ni mlipaji mzuri.

Msimamizi wa Vyumba (Malindi)

Anajua kwa jumla kwamba unalipa. Asichokijua usiku wa tarehe 5 ni kama umeshalipa. Mzee ameketi na daftari lake, simu imejaa ujumbe wa M-Pesa, na kila mmoja una jina, kiasi na saa. Anaona shilingi 9,500 zimetoka kwa kijana asiye mpangaji wake. Kama ana wapangaji wawili wanaolipa kiasi hichohicho, hawezi kuziandika kwa yeyote. Anatazama mstari wako, anaukuta mtupu, anakupigia. Kwake ni swali la dakika moja. Kwako ni usingizi uliokatika na roho iliyoruka.

Nilifanya kosa hilohilo miaka ya mwanzo. Nilikuwa nikiwapigia usiku watu waliokwisha kulipa mchana, kwa sababu mke alilipa kwa laini ya mume, au mtu aliweka pesa kwa wakala na jina likaja lisilojulikana. Wapangaji waliona nawadharau, nami niliona wananificha. Siku hizi kila anayelipa namtaka anitumie neno moja baada ya pesa: jina lake na chumba chake. Simu zangu za usiku zilipungua mno tangu hapo.

Hiyo inaeleza simu za tarehe 5. Haielezi ujumbe wa tarehe 28, na hapo lazima kuna sababu nyingine. Je, ana duka?

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Ana duka la vyombo vya mashua, kamba, rangi na misumari. Hufunga saa tatu, na siku nyingine saa nne usiku. Subhanallah, hili la jina halikunijia kabisa. Kumbe nusu ya kosa ni langu.

Mwenye Vyumba Sita (Muyeye, Malindi)

Nisikieni na mimi wa upande wa pili, kwa kuwa naona Ami anasemwa hayupo. Mimi pia hutuma ujumbe usiku. Mchana niko dukani, jioni niko msikitini na nyumbani na watoto, na saa pekee ninayoweza kufungua daftari ni pale nyumba inapokuwa kimya. Nikiona jambo natuma palepale, kwa sababu nikilala nitalisahau. Simfikirii mtu kama amelala, na sisemi kwamba ni vizuri, nasema ndivyo ilivyo.

Kuhusu tarehe 28, wengi wetu tulijenga kwa mkopo, na benki haiulizi kama mpangaji amelipa. Yangu hukatwa tarehe 6. Nikijua mapema kwamba fulani atachelewa, naweza kuhamisha pesa za duka. Nikijua tarehe 5 usiku, nimeshachelewa. Tena wako wapangaji ambao mchana hawapokei simu kabisa, na usiku tu ndipo utawapata. Huyu dada simjui, lakini Ami huenda ameumwa na nyoka, sasa akiona ung'ongo hushtuka.

Mwalimu wa Barani

Naomba niongeze tahadhari moja ambayo mimi niliilipia. Nilipohamia Malindi nilimwandikia mwenye nyumba wangu hivi: "Naomba usinipigie baada ya saa 9 usiku." Nilikuwa nimeisoma saa kwenye simu kama tulivyozoea ofisini, nikimaanisha 9:00, yaani saa tatu. Yeye aliisoma kama inavyosomwa hapa pwani, saa tisa za usiku, na alishangaa sana kwamba namwomba asinipigie saa ambayo hata majini wamelala. Akajibu, "Hakuna neno, mwalimu, saa hizo siwezi kukupigia." Kisha akaendelea kunipigia saa tano kwa moyo mweupe kabisa, akiamini anatimiza ahadi.

Niliudhika mwezi mzima kabla ya kugundua kosa. Kwa hiyo, dada, saa iandike kwa maneno, saa tatu usiku, na ukiweza ishikamanishe na kitu kisichobadilika, kama "baada ya isha".

Fundi Simu

Mnazungumza mengi na dawa iko mkononi mwake. Aweke simu kwenye Usinisumbue kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa na nusu, amwekee nyota mama yake na yule anayemuuguza, kisha aruhusu simu za wenye nyota pekee. Ami atapiga, simu haitalia, na hakuna atakayekosewa heshima.

Ila kuna mtego, nao ndio utakaomponza. Simu nyingi za Android zina swichi ya kuruhusu wanaorudia kupiga: mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika kumi na tano, simu inalia hata kama umeinyamazisha, kwa kudhani ni dharura. Dada amesema Ami hupiga mara mbili mfululizo. Asipoizima hiyo swichi, atanyamazisha simu ya kwanza na kuamshwa na ya pili. Vilevile kule WhatsApp, kunyamazisha mazungumzo ya mtu huzuia mlio wa ujumbe wake tu. Akipiga simu ya WhatsApp, italia kama kawaida.

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Shukran, Fundi. Ya nyota nitaifanya leo. Lakini hofu yangu ni kwamba habari ya mama huenda isitoke kwa namba ninayoijua. Kule Faza simu ikiisha chaji mtu huazima ya jirani, na nikiwaruhusu wenye nyota tu, wa jirani hatanipata. Kwa hiyo dawa hii inanifaa nusu, na bado nataka kumwomba Ami mwenyewe.

Fundi Simu

Hapo umenishinda. Basi mgeuzie Ami peke yake: fungua jina lake, umwekee mlio usio na sauti, na wengine wote waachie mlio wa kawaida. Usiku hutamsikia, na jirani wa Faza utamsikia. Ubaya wake ni kwamba hata mchana hutamsikia, mpaka utazame simu.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Wanangu, mimi nitasema la kizamani. Hapa Amu neno kama hili haliandikwi. Ukiliandika, linabaki kwenye simu yake, mwanawe atalisoma, mkewe atalisoma, na kila akilitazama litakuwa kali kuliko ulivyolikusudia. Nenda nyumbani kwake baada ya alasiri, kaa na mkewe, mwambie kama mwanamke kwa mwanamke kwamba mama yako ni mgonjwa na simu ya usiku inakutoa roho. Yeye atamfikishia kwa saa anayoijua yeye. Isitoshe, wewe ni mwanamke unayeishi peke yako, na mwanamume akikupigia simu saa sita kasoro za usiku, hata kama ni kwa kodi tu, hilo mkewe analielewa vizuri kuliko Ami mwenyewe.

Msimamizi wa Vyumba (Malindi)

Bi Mkubwa, nakuheshimu, na la kupitia kwa mke siwezi kulipinga, maana Amu naijua kwa kupita tu. Hata hivyo naogopa neno linalopita kwa mtu wa pili. Dada akisema "asipige baada ya saa tatu", linaweza kufika kwa Ami likiwa "mpangaji wako amechoka na simu zako". Mimi ningependelea aliandike, kwa kuwa maandishi ni yake mwenyewe na saa inabaki pale, mtu akisahau anaitazama. Pengine yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Sasa turudi kwenye ujumbe wako, dada. Unaanza kwa kujishusha, "mimi ni mpangaji tu", na unamaliza kwa kumshtaki, "sielewi unaniogopea nini". Mtu akisoma viwili hivyo pamoja, anaamini cha mwisho na anaona kile cha mwanzo kilikuwa kejeli. Kumwambia mtu mzima "usinipigie tena" ni amri hata ukiitanguliza tafadhali, na hilo "tena" ndilo linalouma, kwa sababu linahesabu makosa. Na kwamba hujawahi kuchelewa ni kweli, lakini ulipolitia ndani ya lawama limekuwa kama risiti unayomtupia usoni.

Kisha kuna yaliyokosekana. Hukumwambia ni saa ngapi unalala, kwa hiyo hajui kama saa mbili na nusu ni usiku au ni jioni. Hukumwambia habari ya mama, na hiyo ndiyo sababu ambayo hakuna mtu wa pwani atakayebishana nayo. Hukumwachia mlango wa dharura, na mwenye nyumba lazima awe na namna ya kukufikia nyumba ikishika moto. Kubwa zaidi, unamwondolea simu bila kumpa kile alichokuwa akikitafuta kwa simu hiyo. Ndugu yetu wa Muyeye ametueleza vizuri: anataka kujua mapema kama pesa zinakuja, na zikija anataka kujua ni za nani. Ukimpa hayo mchana, usiku atakuwa hana la kuuliza.

Mimi ningeuandika hivi, nawe uubadilishe uwe na sauti yako:

"Assalamu alaykum Ami. Natumai hujambo na wa nyumbani hawajambo. Kodi ya mwezi huu, shilingi 9,500, nimeituma leo mchana. Jina litakalotokea ni la ndugu yangu mdogo, lakini ni ya chumba changu cha Langoni. Ami, nina ombi moja. Kwa ajili ya biashara yangu huwa nalala saa tatu usiku na kuamka saa tisa na nusu, na simu siwezi kuizima kwa sababu mama yangu ni mgonjwa Faza, kwa hiyo ikilia usiku nashtuka nikidhani ni habari yake. Ukiona inafaa, naomba mazungumzo ya kodi yawe kabla ya saa tatu usiku, baada tu ya isha. Likitokea jambo la dharura la nyumba, nipigie saa yoyote. Nami kila tarehe 27 nitakuarifu siku nitakayolipa, kabla hujaniuliza. Shukran, Ami."

Nimeweka tarehe 27 kwa makusudi, siku moja kabla ya ujumbe wake wa kawaida. Utume siku unayolipa, mchana, pesa zikiwa zimeshaingia. Usiutume kama jibu la ujumbe wake wa usiku, hata kama umeandaliwa vizuri namna gani, kwa sababu saa ile wewe una hasira na yeye ana daftari. Na kama mna kundi la wapangaji la WhatsApp, usilipeleke huko kabisa.

Wakili wa Barazani

Ujumbe ni mzuri, nakubali, na la Sura ya 296 nimelipokea. Ila ningeongeza mstari mmoja mwishoni: "Natumai tutaelewana ili tusifike mbali." Akumbuke kwamba una haki.

Mwenye Vyumba Sita (Muyeye, Malindi)

Mimi ndiye mwenye nyumba hapa, na nakwambia kwamba mstari huo ungenifanya nisahau yote yaliyoutangulia. Ningesoma mama mgonjwa, nimhurumie, nifike pale mwisho, nijiulize mbali ni wapi.

Jambo lingine. Ahadi ya tarehe 27 ni nzuri, lakini aitoe kama ataweza kuitimiza. Mpangaji akiahidi kuniarifu na akanyamaza, mwezi wa pili napiga simu, na safari hii naona nina haki ya kupiga saa yoyote.

Mwalimu wa Barani

Na ikiwa mwezi fulani dada atachelewa kweli? Ombi bado linasimama? Mimi naona akichelewa hana tena uso wa kusema usinipigie usiku.

Msimamizi wa Vyumba (Malindi)

Kwangu mimi linasimama, kwa sababu simu ya saa tano usiku haileti pesa, inaleta ahadi ya kuondokea tu. Nikimpata mtu saa nne asubuhi anaweza kunitajia nani anamdai na atalipwa lini. Nikimpata amelala atasema "kesho" ili arudi kulala. Lakini naelewa kwamba wenye nyumba wengi hawaoni hivyo.

Mwenye Vyumba Sita (Muyeye, Malindi)

Hawaoni, na mimi ni mmoja wao. Aliyelipa nitamheshimu usingizi wake. Asiyelipa na mchana hapokei, tuonane usiku. Hapo hatutakubaliana, bwana Msimamizi.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Msisahau Ramadhani. Mwezi ule watu wako macho baada ya tarawehe mpaka daku, na maduka yako wazi. Ami akimpigia saa nne wakati huo ataona ni mchana wa kawaida. Mwanangu, usimshike kwa saa tatu mwezi ule, au mwambie mapema.

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Bi Mkubwa, Ramadhani nami niko macho, nauza jioni kabla ya futari, kwa hiyo halinisumbui.

Narudi kuwaeleza yaliyotokea. Tarehe 5 nilimwambia ndugu yangu atume kodi saa saba mchana. Baada ya alasiri nilikwenda kumjulia hali mkewe Ami, nikamweleza habari ya mama na usiku ninavyoshtuka, bila kumtaja mumewe kwa ubaya. Akanishika mkono akasema hata yeye humwambia aache kushika simu kitandani. Niliporudi nyumbani, kabla ya magharibi, ndipo nikautuma ujumbe. Niliubadilisha kidogo: nilitoa "kabla hujaniuliza", nikaona inaweza kusikika kama namsuta.

Jibu lilikuwa fupi: "Sawa mwanangu. Mama apone." Nikadhani ameudhika. Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe wa sauti, saa nne asubuhi, akaniambia kwamba ana wapangaji watatu wa 9,500 na kwamba miezi yote hiyo pesa za ndugu yangu alikuwa akiziandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu hakuwa na hakika ni za nani mpaka asikie sauti yangu. Msimamizi, ulisema kweli tupu.

Tarehe 27 nilimwarifu kwamba nitalipa tarehe 4. Tarehe 28 usiku simu haikulia. Lakini jana, saa nne na nusu usiku, nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Hujambo, hii ni kumbusho la kodi, tafadhali lipa kwa wakati." Kumbe ni mwanawe mkubwa aliyerudi kutoka Mombasa, na sasa anamsaidia baba yake hesabu. Sijui nimwandikie naye ujumbe uleule, au nimjibu tu kwamba tulishaelewana na baba yake.

Msimamizi wa Vyumba (Malindi)

Usimwambie "tulishaelewana na baba yako", itakuwa kama unamshtakia mtoto kwa mzazi wake. Mjibu asubuhi, si sasa: mshukuru kwa ukumbusho, mwambie utalipa tarehe 4 na jina litakalotokea ni la nani. Basi. La saa mwachie Ami. Ukimpelekea pesa, mwambie kwa mdomo kwamba kijana amekuandikia na umefurahi kumjua, naye mzee atakuuliza mwenyewe alikuandikia saa ngapi.

Fundi Simu

Na kama huyo kijana anatumia programu ya ujumbe ya Google, akikibonyeza kitufe cha kutuma na kukishikilia, ataweza kuchagua ujumbe utoke kesho asubuhi. Aandike usiku anavyotaka, uondoke saa tatu asubuhi. Na ndugu wa Muyeye anayeogopa kusahau, hii ni yako pia.

Mwenye Vyumba Sita (Muyeye, Malindi)

Nimejaribu sasa hivi, imekubali. Sikuwa najua.

Muuza Mahamri (Langoni, Lamu)

Nimemjibu kijana leo saa mbili asubuhi kama Msimamizi alivyosema, naye amejibu kwa adabu. Tarehe 4 nitapita dukani kwa Ami. Ndugu yangu nimemwambia safari hii pesa anitumie mimi kwanza, nami nizitume kwa laini yangu, ingawa kuna ada yake. Nataka kuona kama jina langu likitokea kwenye daftari nitaupita usiku wa tarehe 5 bila simu.